Dizaina wa kujitegemea: utoze kwa kazi nzima au kwa saa?

Kama unatengeneza nembo, mabango, kadi za harusi au vipeperushi hapa Kakuma au Kalobeyei, swali la kwanza la kila mteja ni "bei gani?" Wengi hutaja namba iliyowajia kichwani, kisha wiki mbili baadaye wanagundua kwamba wamefanya kazi karibu bure. Mara nyingi kosa ni kwamba hakuna aliyesema kazi inaishia wapi.

Mteja akitaka kitu kimoja kinachoeleweka, mtajie bei ya kazi nzima. Duka, kanisa au kikundi huwa kina kiasi fulani mkononi na kinataka kujua kama kitatosha. Bei ya saa huwatia hofu, kwa sababu hawawezi kuona kama ulikuwa unafanya kazi au unasubiri umeme urudi. Wewe nawe inakuumiza: kadiri unavyozidi kuwa na ujuzi unamaliza haraka, na unalipwa kidogo. Lakini huwezi kupanga bei ya kazi nzima bila kujua saa yako ina thamani gani, hata kama namba hiyo mteja hataiona.

Ijue saa yako kwanza

Tuchukue mfano wa dizaina anayetumia kompyuta yake mwenyewe. Kwa mwezi analipa bando za intaneti shilingi 1,500, umeme 1,000, na mchango wa chumba cha kufanyia kazi 1,000. Kompyuta aliinunua kwa 36,000 na anatarajia itamfaa miaka miwili, kwa hiyo anaweka kando 1,500 kila mwezi ili anunue nyingine. Jumla ni 5,000. Anataka abaki na 19,000 za nyumbani. Anahitaji basi kuingiza 24,000.

Anafanya kazi siku 20 kwa mwezi, saa 6 kwa siku, yaani saa 120. Usigawanye 24,000 kwa 120. Karibu nusu ya muda huo unaishia kutafuta wateja, kujibu simu, kufuata malipo na kusubiri umeme. Saa za kuuza ni kama 60. Gawanya 24,000 kwa 60, unapata shilingi 400 kwa saa. Weka namba zako mwenyewe. Hizi ni za mfano tu.

Kikundi cha washonaji kinataka nembo

Sasa kikundi cha akina mama washonaji, wakimbizi na wenyeji pamoja, kinakuja kutaka nembo. Hesabu hatua zako: mazungumzo ya kwanza saa 1, michoro ya penseli saa 3, kuchora kwenye kompyuta saa 3, raundi mbili za marekebisho saa 3, kuandaa faili saa 1. Jumla ni saa 11, sawa na shilingi 4,400. Ongeza moja ya tano kwa yasiyotarajiwa, yaani 880, inakuwa 5,280. Unawaambia 5,300.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kamati ina watu watano. Mmoja anataka sindano, mwingine cherehani, wa tatu anatuma ujumbe wa sauti usiku akitaka rangi ya zambarau. Mwisho wake unafanya raundi saba badala ya mbili. Raundi tano za ziada, kila moja saa moja na nusu, ni saa saba na nusu. Umefanya saa 18 na nusu kwa 5,300 ileile, na saa yako imeshuka hadi kama shilingi 286. Hakuna aliyekudhulumu. Hawakujua kwamba kuna mwisho.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua kompyuta, watumie ujumbe kwa WhatsApp na usubiri jibu la "tumekubali". Unaweza kuandika hivi:

"Kazi: nembo moja ya kikundi. Mtapata michoro 3 ya penseli, mtachagua 1, nami nitaikamilisha kwa rangi na kwa nyeusi na nyeupe. Bei: 5,300. Nusu (2,650) kabla ya kuanza, nusu kabla ya kupokea faili za mwisho. Bei ina raundi 2 za marekebisho. Raundi ya ziada ni 600. Haimo: kuchapisha, bango, fulana, kadi. Maoni yote yatatoka kwa mtu mmoja mtakayemchagua. Nikikosa majibu yenu kwa siku 14, kazi itafungwa, na kuifungua tena ni makubaliano mapya."

Hiyo 600 haikutoka hewani: ni saa moja na nusu mara 400. Na sehemu ya "haimo" usiiruke, maana watu wengi hudhani nembo inakuja pamoja na bango lake. Uchapishaji ni vizuri mteja amlipe mchapaji moja kwa moja. Ukizipokea wewe pesa hizo, hasara ya bango lililoharibika itakuwa juu yako.

Marekebisho ni nini hasa?

Neno hili lazima mlielewe sawa. Raundi moja ni maoni yote ya kikundi yaliyokusanywa na kuletwa kwa pamoja, si kila ujumbe unaoingia kwenye simu. Kama kamati haijakubaliana, subiri. Usianze na maoni ya mtu wa kwanza.

Kubadilisha rangi, ukubwa wa herufi au mahali pa sindano ni marekebisho. Kusema "tumeacha sindano, sasa tunataka mti" baada ya mchoro kuchaguliwa ni kazi mpya, na bei yake inapangwa upya. Kosa lako mwenyewe, kwa mfano umekosea kuandika jina la kikundi, unalirekebisha bure na halihesabiwi. Lakini wakikuletea namba ya simu yenye kosa na ukaiandika kama ilivyo, hiyo ni raundi yao. Ndiyo maana ni vizuri kupokea majina na namba kwa maandishi, si kwa mdomo.

Raundi ya pili ikikaribia kwisha, waambie mapema: "Hii ni ya mwisho ndani ya bei." Kulisema jambo hili baada ya raundi ya tatu kunaleta ugomvi. Ukiamua kuwasaidia kwa raundi moja ya bure, ni uamuzi wako, ila taja kwamba thamani yake ni 600, wasije wakadhani ndiyo kawaida.

Wakati wa kutoza kwa saa

Kuna kazi ambazo huwezi kuona mwisho wake. Shirika linakuletea ripoti ambayo maandishi bado yanaandikwa, au mabango 30 ya zamani ya kurekebisha bila kujua faili zake zikoje. Ukitaja bei ya jumla hapo, unabahatisha. Toza kwa saa, lakini weka kikomo: "Shilingi 400 kwa saa, hadi saa 10. Nikifika saa 8 nitawajulisha tulipofika, na sitapita 10 bila ruhusa yenu." Andika kila siku ulianza lini, ulimaliza lini na ulifanya nini, kisha tuma orodha hiyo pamoja na bili. Muda wa kusubiri umeme au intaneti usiuandike. Umeshauhesabu ndani ya 400.

Unaweza pia kuchanganya. Fanya saa 2 za kulipwa kukagua yale mabango 30, na ukishajua kazi ilivyo, taja bei moja kwa yaliyobaki, ukiweka na idadi ya raundi.