Matandazo ya plastiki na neti ya kivuli

Matandazo ya plastiki ni karatasi nyembamba ya polithini inayofunika tuta la mboga ili kuhifadhi unyevu na kuzuia magugu. Unene wake hupimwa kwa mikroni. Mikroni 1,000 ni milimita 1. Karatasi ya mikroni 25 hadi 30 hudumu zaidi, ilhali ya 15 huchanika upesi wakati wa kuibandua. Tuta la nyanya lenye upana wa sentimita 90 hutandikwa karatasi ya sentimita 120, ili sentimita 15 zifukiwe kila upande. Mipira ya matone hulazwa kwanza, kwani mvua haipenyi plastiki.

Neti ya kivuli hutajwa kwa asilimia ya mwanga inaouzuia: ya 50 hupitisha nusu. Kitalu cha miche huivumilia, lakini nyanya zinazozaa hutosheka na 30. Kivuli kikizidi, mashina hurefuka na kulegea, na maua hupukutika.

Asilimia hiyo haionyeshi uimara. Plastiki isiyokingwa dhidi ya miali ya urujuanimno hukakamaa juani na kumeguka ikikunjwa.