Mpaka wa Kujifunza: Muundo, Maneno na Mali ya Mwenyewe katika Matangazo ya Washindani

Watunzi wa matangazo ya redio wana kanuni wanayorithishana kazini: sikiliza tangazo la mshindani, chukua muundo, acha maneno. Kanuni hii ni nzuri, na makala hii inaitetea. Tatizo ni namna inavyoeleweka. Wengi huamini kwamba ukishabadilisha kila neno umekwisha kuwa salama, kana kwamba kila kilicho nje ya maneno ni muundo, na kila muundo ni wa watu wote. Ninadai kwamba mpaka umepita kwingine. Kinachojirudia katika matangazo mengi ya bidhaa za aina moja ni cha wote, na mtunzi akichukue bila wasiwasi. Kinachopatikana katika tangazo moja tu ni cha mwenyewe, hata kama hukuchukua neno lake hata moja.

Sheria yenyewe imeshindwa kuuchora mpaka huu kwa mstari mmoja. Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, ambao Tanzania na Kenya zimo ndani yake kama wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, unasema katika Ibara ya 9(2) kwamba hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa, wala hailindi wazo, utaratibu au mbinu ya utendaji. Ukisoma hapo tu utadhani kanuni ya watunzi imebarikiwa. Lakini mwaka 1930, katika kesi ya Nichols dhidi ya Universal Pictures huko Marekani, Jaji Learned Hand alieleza ugumu uliopo. Kila kazi inaweza kufupishwa hatua kwa hatua, kila hatua ikiacha mambo mahususi zaidi, mpaka libaki wazo tupu ambalo halina mwenyewe. Mahali fulani katika ngazi hiyo ulinzi hukoma, na jaji alikiri kwamba hakuna aliyewahi kupaonyesha mahali penyewe. Mwandishi wa tamthilia, Anne Nichols, alishindwa kesi. Familia ya Kiyahudi na familia ya Kiairishi ambazo watoto wao wanaoana zilionekana kuwa jambo la jumla mno kumilikiwa na mtu.

Kesi ya pili inawahusu watu wa matangazo moja kwa moja, na inastahili kusomwa kwa makini zaidi. Mwaka 1970 kampuni ya matangazo iliyokuwa ikiifanyia kazi McDonald's iliwaendea ndugu wawili, Sid na Marty Krofft, waliotengeneza kipindi cha watoto cha televisheni kilichoitwa H.R. Pufnstuf. Walizungumza juu ya kampeni ya matangazo yenye nchi ya kufikirika. Baadaye ndugu hao waliambiwa kwamba mpango umeachwa. Haukuachwa. Kampuni ilichukua baadhi ya watu waliowahi kuwafanyia kazi ndugu hao, ikawapa kazi ya mandhari na mavazi, na mwaka 1971 matangazo ya McDonaldland yakaanza kurushwa. Hayakuwa na mazungumzo ya Pufnstuf. Wahusika walikuwa na majina mengine na sura nyingine, na badala ya kisiwa cha ajabu palikuwa na nchi ya vyakula. Hata hivyo mahakama ya rufani ilikubali mwaka 1977 kwamba hakimiliki ilikuwa imevunjwa, kwa sababu kazi nzima, kwa dhana yake na hisia inayoacha kwa mtazamaji, ilikuwa imetwaliwa. Meya mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi, miti inayoongea na jinsi vyote vilivyokaa pamoja havikuwa maneno, lakini vilikuwa na mwenyewe.

Wasomaji wa Kiswahili hawahitaji kwenda Marekani kuuelewa mpaka huu, maana washairi wetu waliuchora zamani. Ubeti wa mishororo minne, mizani 16 kwa kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho: hakuna mshairi anayeshtakiwa kwa kutunga humo. Lakini akichukua kisa cha mwenzake, kwa mpangilio uleule wa mafumbo na mwisho uleule wa kushtukiza, akabadilisha vina tu, hadhira itamtambua jioni hiyohiyo. Bahari ni ya wote kwa sababu wengi wameogelea humo.

Sasa tuingie kazini. Mtunzi amepewa kazi ya skripti ya redio ya sekunde 30 kwa mfuko wa kuhifadhi mahindi usiopitisha hewa, ule wenye mifuko miwili ya plastiki ndani na wa tatu wa kufumwa nje. Washindani wake wakubwa si watengenezaji wa mifuko mingine. Ni wauzaji wa dawa ya unga inayochanganywa na nafaka. Wote wanamwendea mkulima mmoja na wanazungumza juu ya adui mmoja, dumuzi, ambaye wakulima wengi humwita Scania. Mdudu huyu aliingia Tanzania kutoka Amerika ya Kati mwishoni mwa miaka ya 1970, akaanzia Tabora, na tangu hapo hakuna haja ya kumtambulisha kwa mtu anayeweka mahindi ghalani.

Hatua ya kwanza ni kurekodi matangazo ya washindani, walau sita, na kuyaandika neno kwa neno pamoja na sekunde, kila moja katika jedwali lake. Kando ya kila sehemu mtunzi aandike kazi inayofanywa na sehemu hiyo, na kazi hiyo iandikwe kwa kitenzi, bila kutaja bidhaa, mhusika wala mahali. Badala ya "mke anamwonyesha mume gunia jepesi" aandike "anaonyesha hasara". Badala ya "mtangazaji anasema usiwalishe wadudu jasho lako" aandike "anamlaumu msababishi". Kanuni hii ya kitenzi si urembo. Sentensi inayobaki na mume, mke na gunia bado iko chini katika ngazi ya Jaji Hand, na atakayeandika kutoka kwayo atajikuta anaandika mume, mke na gunia.

Hatua ya pili ni kuyaweka majedwali bega kwa bega. Tuseme yote sita yanaonyesha hasara, yanamtaja dumuzi, yanataja dawa, yanaeleza matumizi na kumalizia na mahali pa kununua. Mfuatano huo ni wa utanzu. Tuseme pia kwamba moja kati ya hayo sita linaanza na sauti ya unga ukimiminika kutoka kwenye gunia, kisha kimya, kisha mtoto anauliza kama kuna mtu anasaga usiku. Hilo ni la mtunzi mmoja. Linavutia sana, na ndilo mtunzi mgeni atakalotaka kulichukua, akibadilisha mtoto awe bibi na unga uwe punje. Alifute kwenye jedwali kabla hajaanza kuandika.

Hatua ya tatu ndiyo inayosahauliwa zaidi, nayo ni kuuliza kwa nini washindani waligawa sekunde zao hivyo. Eugene Schwartz, katika kitabu chake cha mwaka 1966 juu ya uandishi wa matangazo, alisisitiza kwamba tangazo lazima lianzie pale ambapo ufahamu wa msikilizaji umefikia. Muuza dawa anaweza kutumia nusu ya muda kwenye hasara kwa sababu msikilizaji tayari anaamini kwamba dawa huua wadudu. Kinachotakiwa ni kumharakisha. Muuza mfuko hana bahati hiyo. Msikilizaji wake anamjua dumuzi, anaijua hasara, lakini haamini kwamba mfuko usio na dawa unaweza kumuua mdudu. Akinakili uwiano wa sekunde wa mshindani, atatumia sekunde 15 kumtisha mtu ambaye tayari ana hofu, kisha jibu la shaka yake likose nafasi. Vitisho hivyo vyote vitamsaidia muuza dawa. Kwa hiyo mfuatano unabaki, lakini hasara inapunguzwa hadi karibu na sifuri na muda wake unapewa shaka na maelezo.

Hatua ya nne ni kufunga maandishi ya washindani na kwenda kwa watu wanaotumia bidhaa. Swali la kuwauliza ni jepesi: nani alikushangaa, na alisema nini? Kutoka katika majibu ya aina hiyo nimetunga skripti hii ya mfano:

MNUNUZI: Mama, haya mahindi ya lini?
MUUZAJI: Ya msimu uliopita.
MNUNUZI: Acha utani! Hayana tundu hata moja. Umetia dawa gani?
MUUZAJI: Sikutia dawa. Dumuzi nilimnyima hewa.
MNUNUZI: Kivipi?
MUUZAJI: Mifuko miwili ya plastiki ndani, wa tatu nje. Kila mmoja nafunga peke yake. Hewa ikiisha, dumuzi hali, anakufa.
MTANGAZAJI: Kausha mahindi yako vizuri, kagua mfuko usiwe na tundu, kisha funga. Mfuko (jina). Upo kwa muuza pembejeo wako.

Mfuatano wa msababishi, tiba, matumizi na mahali ni uleule wa washindani. Soko, mnunuzi mwenye shaka na kunyimwa hewa vimetoka kwa bidhaa yenyewe, na muuza dawa hawezi kuvisema. Angalia pia urefu. Miongozo ya Kiingereza hutoa takriban maneno 75 kwa sekunde 30, na watunzi wetu wengi huifuata. Skripti hii ina maneno kama 60 tu lakini silabi zake ni takriban 150, na kwa mwendo wa silabi tano kwa sekunde imejaa. Maneno yetu hubeba nafsi, wakati na mtendwa kwa pamoja. Anayechukua muundo kutoka tangazo la Kiingereza ahesabu silabi, la sivyo msomaji atakimbia na jina la bidhaa litamezwa.

Kuna majaribio mawili ya kujua kama kazi imeharibika. La kwanza: rekodi skripti bila jina la bidhaa, uwasikilizishe watu wachache wanaosikiliza redio hizohizo, uwaulize ni tangazo la nani. Wakimtaja mshindani, umemlipia muda wa hewani hata kama hakuna mahakama itakayokugusa. La pili: tafuta mfuatano wowote wa maneno manne unaofanana na wa mshindani. Majina ya vitu na maelekezo ya lazima yatajitokeza na hayana neno, lakini ukikuta methali ileile au swali lilelile la kufungulia, rudi mezani.

Njia hii ina mipaka yake. Tangazo linalorushwa kwa miezi mingi huchukuliwa kuwa linauza, lakini huenda linarushwa tu kwa sababu mkataba na kituo haujaisha, au kwa sababu mwenye bidhaa ana fedha na hapimi mauzo. Redio haituonyeshi nani alinunua. Ndiyo maana kujirudia kwa sehemu katika matangazo ya washindani kadhaa ni ushahidi wenye uzito kuliko umri wa tangazo moja, ingawa hata washindani wote wanaweza kuigana katika kosa moja.

Ninaziomba kampuni za matangazo na vyuo vinavyofundisha kazi hii vidai kitu kimoja: skripti isikabidhiwe peke yake. Ikabidhiwe pamoja na jedwali la sekunde, likionyesha kilichochukuliwa, kimeonekana katika matangazo mangapi, na kilichofutwa kwa kuwa ni cha mtu. Siku mtunzi atakapodaiwa kwamba ameiba, jedwali lenye tarehe litamtetea kuliko kiapo chake kwamba hakuchukua hata neno moja.