Kikojozi, au mtoto anayetokwa na mkojo usingizini?

Mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka minane kliniki akiwa na karatasi ya rufaa. Mahali pa tatizo paliandikwa neno moja: "Kikojozi." Mtoto yuko darasa la pili, anajua kusoma. Nilimwona akilisoma, kisha akageukia ukutani.

Kisarufi neno hilo halina kasoro. Okoa hutoa mwokozi, komboa hutoa mkombozi, na kojoa hutoa kikojozi. Ule mwisho wa -ozi humtaja mtendaji, mtu ambaye jambo hilo ndilo analolifanya. Mbele yake kumewekwa ki-, ileile ya kipofu, kiziwi na kiwete, inayomfunga mtu na hali yake. Basi neno moja limeshatoa hukumu mbili: anafanya mwenyewe, na ndivyo alivyo.

Madaktari husema enuresisi, neno lililotokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kukojoa ndani ya kitu. Tumezoea kulitafsiri "kukojoa kitandani", lakini kitanda si sharti. Anayelala mkekani ana hali ileile, na aliyesinzia mchana kwenye kiti cha basi vilevile. Kinachohesabika ni usingizi. Tena kukojoa ni kitendo cha mtu aliye macho, anayeamua wapi na lini. Kwa mambo ambayo mwili huyafanya bila idhini yetu, Kiswahili kina kutokwa: mtu hutokwa na jasho, na damu puani, na udenda akilala. Hakuna anayechapwa kwa kutokwa na udenda. Kwa hiyo mimi huandika "kutokwa na mkojo usingizini", na hulitumia kwa mtoto aliyetimiza miaka mitano, ikiwa hali hiyo humpata walau mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu mfululizo. Chini ya umri huo ni utoto tu.

Kitenzi hicho kinaendana na kinachotokea mwilini. Kwa wengi wetu, usiku ubongo hutoa homoni ya vasopresini kwa wingi zaidi, inayoziambia figo zipunguze mkojo. Kwa baadhi ya watoto homoni hiyo huchelewa kushika mdundo wa usiku, kwa hiyo kibofu hujaa kama mchana. Wengine mkojo wao ni wa kawaida, ila kibofu hujibana kabla hakijajaa. Lakini hayo peke yake yangemwamsha tu mtoto akaenda chooni. Linalokamilisha shida ni usingizi wenyewe: kibofu kinapiga hodi na ubongo hausikii. Na mambo haya hurithiwa. Mzazi mmoja akiwa aliwahi kuwa hivyo, uwezekano wa mtoto ni karibu nusu. Wakiwa wote wawili, ni kama robo tatu.

Mama yule alisema ameshajaribu yote. Maji alimnyima kuanzia saa kumi jioni. Alimwanikisha shuka mbele ya majirani. Baba alitumia fimbo, na shangazi akamhoji mtoto kama alichezea moto, maana sisi sote tuliambiwa kwamba anayechezea moto mchana hulowesha usiku. (Onyo hilo linasaidia kumweka mtoto mbali na jiko. Ubaya wake ni kwamba akilowa, inachukuliwa kuwa kuna kosa alilolifanya.)

"Na fimbo ilisaidia?" nilimuuliza.

"Dada, ndiyo kwanza ikazidi."

Iliongezeka kwa sababu unazoweza kuzifuata hatua kwa hatua. Fimbo humfikia mtoto aliye macho, saa kadhaa baada ya jambo lililotokea akiwa hajitambui. Hana cha kujifunza hapo. Anachojifunza ni kuogopa maji. Huyu alikuwa hanywi kitu shuleni, wala haendi chooni, kwa sababu vyoo vinanuka. Akirudi nyumbani saa tisa alikunywa kwa pupa kabla ya marufuku, na usiku zikafuata hesabu zake. Kunywa kidogo na kubana mkojo kutwa nzima humfanya mtoto afunge choo pia, na utumbo uliojaa kinyesi kigumu hukikandamiza kibofu kilicho mbele yake. Nilipouliza, choo alikuwa akikipata kila siku ya tatu, kwa kulia.

Hata zawadi kwa kila usiku mkavu huwa na kasoro hiyohiyo, kwani inamlipa mtoto kwa jambo lisilo mikononi mwake. Mpe nyota kwa kunywa maji shuleni, au kwa kwenda chooni kabla ya kulala, hayo anayaweza.

Nilimpa mama jagi lenye vipimo na daftari. Kwa siku mbili za mwisho wa wiki alipima kila mkojo wa mchana, isipokuwa ule wa kwanza wa asubuhi. Kipimo cha kulinganisha ni rahisi: umri jumlisha moja, zidisha kwa 30. Kwa miaka minane tunapata mililita 270. Mkojo mkubwa kuliko yote wa mtoto huyu ulikuwa mililita 130, chini ya nusu. Kisha usiku mmoja mama alimvalisha nepi kubwa aliyoipima ikiwa kavu kwenye mizani ya jikoni, akaipima tena asubuhi. Gramu moja ni kama mililita moja. Akijumlisha na mkojo wa alfajiri, alipata 240. Tungesema mkojo wa usiku umezidi kama ungepita 350. Basi figo zake hazikuwa na shida; shida ilikuwa kibofu na choo.

Ndiyo maana sikuanza na kidonge. Desmopresini, dawa inayoiga vasopresini, humfaa zaidi mtoto mwenye mkojo mwingi wa usiku. Hufanya kazi haraka, inasaidia mtoto akienda safari au bweni, lakini wengi hurudia wakiacha. Na ina sharti lisilovunjwa: asinywe maji kuanzia saa moja kabla ya dawa hadi saa nane baadaye, zaidi ya mafunda machache, kwani maji yakibaki mwilini chumvi ya damu hushuka na anaweza kupata degedege.

Tulianza na laktulosi mpaka choo kikawa laini kila siku, maji yakagawanywa zaidi asubuhi na mchana, na mwalimu akakubali atoke darasani bila kuomba mbele ya wenzake. Baada ya wiki sita usiku wa kulowa ulishuka kutoka saba hadi minne kwa wiki. Iliyobaki ilikuwa kazi ya kengele: kihisi kidogo kwenye chupi kinachopiga kelele kikiguswa na tone la kwanza. Karibu theluthi mbili ya watoto hukauka kwa njia hii. Wanaoshindwa mara nyingi huacha mapema, kwa kuwa wiki za mwanzo kengele huamsha nyumba nzima isipokuwa mwenyewe. Ni lazima mzazi anyanyuke, amwamshe kabisa, amwongoze chooni, na hivyo kwa miezi miwili au mitatu, hadi usiku 14 mikavu mfululizo.

Kuna mtoto ambaye hayamhusu haya yote: aliyekuwa mkavu miezi sita au zaidi kisha akaanza upya. Huyo apimwe mkojo, na sukari. Akiwa anakunywa maji kupita kiasi huku anakonda, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwani huenda ni kisukari. Na mwenye selimundu, figo zake hushindwa kuufanya mkojo uwe mzito; kumnyima maji ni kumtafutia maumivu.

Mara ya tatu mtoto wetu aliletwa na bibi yake mzaa baba. Nilipogusia urithi alicheka mpaka akashika mtandio. "Huyo baba yake anayeshika fimbo? Nilimfulia shuka mpaka miaka kumi." Nikamuuliza kama mwanawe analijua hilo. "Analijua, mwanangu. Leo usiku nitamkumbusha."