Jina na Mwaka, au Namba? Istilahi Mbili za Urejeleaji

Tuchukue sentensi moja na kuiandika mara mbili. Kwanza hivi:

Fuvu la Zinjanthropus kutoka Olduvai lilielezwa kwanza na Leakey (1959), na miaka mitano baadaye ikatangazwa spishi ya Homo habilis (Leakey na wenzake, 1964).

Kisha hivi:

Fuvu la Zinjanthropus kutoka Olduvai lilielezwa kwanza na Leakey [1], na miaka mitano baadaye ikatangazwa spishi ya Homo habilis [2].

Habari ni ileile na vyanzo ni vilevile. Kilichobadilika ni kile anachokiona msomaji kabla hajafungua ukurasa wa mwisho. Katika sentensi ya kwanza anajua papo hapo ni nani aliyesema na lini. Katika ya pili anapewa ufunguo tu, na mlango uko mwishoni mwa makala.

Wengi huita mitindo hii Harvard na Vancouver. Majina hayo yana historia, lakini hayamwambii mwanafunzi chochote kuhusu namna mtindo unavyofanya kazi. Kiswahili kinaweza kusema wazi zaidi: mtindo wa jina na mwaka, na mtindo wa namba. Kazi yenyewe ni urejeleaji. Rejea ni kurudi, na ndiyo maana neno marejeo, ambalo vitabu vingi hulitumia kwa orodha ya vyanzo, hubeba pia maana ya safari ya kurudi nyumbani. Rejelea, katika kauli ya kutendea, ni kukirudia kitu fulani kwa haja fulani. Kwa hiyo marejeleo yanafaa zaidi kwa orodha, na rejeleo kwa ile alama moja iliyo ndani ya matini. Tusilichanganye na nukuu. Anayenukuu huchukua maneno ya mwenzake kama yalivyo. Anayerejelea huonyesha tu wazo limetoka wapi, hata kama amelisema kwa maneno yake mwenyewe.

Harvard imeingia katika habari hii kupitia mtaalamu wa wanyama, Edward Laurens Mark, aliyefundisha katika chuo hicho. Mwaka 1881 alichapisha utafiti mrefu kuhusu mayai ya koa, na humo akaweka mwaka wa chapisho ndani ya mabano baada ya jina la mwandishi. Makala hiyo ndiyo hutajwa kuwa chimbuko la mtindo huu. Vancouver ni mji wa Kanada ambako wahariri wa majarida ya tiba walikutana mwaka 1978 ili wakubaliane namna moja ya kupokea miswada. Mwaka uliofuata walichapisha masharti yao: vyanzo vipewe namba kwa jinsi vinavyotokea katika matini, na chanzo kikitajwa tena kirudie namba yake ya kwanza.

Kwamba mtindo wa jina na mwaka ulichipuka kwa mtu wa elimu ya wanyama halishangazi ukitazama jinsi wanasayansi hao wanavyoandika majina ya viumbe. Simba kwao ni Panthera leo (Linnaeus, 1758). Jina la mtu na mwaka ni sehemu ya utambulisho wa spishi, kwa sababu spishi ikipewa majina mawili, kwa kawaida jina lililotangulia kuchapishwa ndilo linaloshinda. Mabano nayo yana kazi yake. Yanaonyesha kuwa spishi imehamishwa kutoka jenasi iliyowekwa mwanzoni. Linnaeus alimweka simba katika jenasi ya Felis. Fuvu letu la Olduvai lina kisa kama hicho. Louis Leakey aliliita Zinjanthropus boisei mwaka 1959. Wengi leo huliweka katika jenasi ya Paranthropus, na hapo huandikwa Paranthropus boisei (Leakey, 1959). Kwa mtu anayesoma namna hii kila siku, kuondoa jina na mwaka ni kuondoa sehemu ya hoja.

Sasa turudi kwenye sentensi yetu, tuone kinachotokea msimamizi wa tasnifu anaposema: “Hujaeleza umri wa fuvu.” Mwanafunzi anaongeza makala ya Leakey, Evernden na Curtis ya mwaka 1961, iliyokadiria kwa njia ya potasiamu na argoni kuwa Tabaka la Kwanza la Olduvai lina umri wa takribani miaka milioni 1.75. Chanzo hicho kinaingia katikati ya vile viwili. Kwa jina na mwaka, anaandika (Leakey na wenzake, 1961) mahali pake, anaongeza mstari mmoja katika orodha ya alfabeti, na kazi imekwisha. Kwa namba, makala mpya inakuwa [2], Homo habilis inasogea kuwa [3], na kila namba iliyofuata katika sura nzima inasogea pia. Programu ya marejeleo hufanya kazi hiyo yenyewe. Anayepanga namba kwa mkono ndiye hupatikana akihusisha umri wa mwamba na makala inayozungumzia kitu kingine kabisa, na hakuna kitu katika sentensi kitakachomshtua msomaji. Namba iliyokosewa inafanana na namba iliyo sahihi. Jina lililokosewa huonekana mara moja na anayeifahamu fani.

Hata hivyo jina nalo lina mitego yake, na ukoo wa Leakey ni mfano mzuri. Fuvu liliokotwa na Mary Leakey, likaelezwa kitaaluma na mumewe Louis. Mwaka 1971 Mary alitoa kitabu chake kuhusu uchimbaji wa matabaka ya chini ya Olduvai. Ukiandika (Leakey, 1959) na (Leakey, 1971) bila herufi za majina ya kwanza, msomaji atadhani ni mtu mmoja aliyeandika mara mbili. Mtu mmoja akiwa na maandishi mawili ya mwaka mmoja, itabidi uongeze herufi: 1961a, 1961b. Na ukiongeza la tatu katikati yake, herufi nazo husogea, sawa na namba ulizozikimbia.

Mtego mwingine tunaujua vizuri zaidi sisi wa Afrika Mashariki, nao ni jina la ukoo. Mtindo huu unadhani kila mtu analo na kwamba hilo ndilo analojulikana nalo. Katika orodha ya alfabeti Shaaban Robert anakaa kwenye R, na ndani ya matini anakuwa Robert (1951), ingawa hakuna msomaji wa Kusadikika anayemwita Robert. Said Ahmed Mohamed anakwenda kwenye M, kwa jina ambalo halitoshi kumtofautisha na Mohamed wengine. Mwaka nao unaweza kudanganya. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Mwanafunzi anayetumia nakala iliyochapishwa upya miongo kadhaa baadaye, akaweka mwaka wa nakala hiyo peke yake, anamfanya marehemu aonekane akijibu hoja za watu waliozaliwa baada yake. Dawa yake ni kuandika miaka miwili, wa toleo la kwanza na wa nakala iliyosomwa.

Ndipo tunapoelewa kwa nini fani hazikubaliani. Mwanaisimu akiandika kuhusu vitenzi vya Kiswahili anajadiliana na watu. Anataka msomaji aone kwamba hoja fulani ni ya mwandishi fulani, kwamba ilitolewa mwaka fulani, na kwamba mwingine aliipinga miaka mitano baadaye. Majina ndiyo mjadala wenyewe. Hali ni hiyohiyo katika fasihi, saikolojia na elimu ya jamii.

Daktari anayeandika kuhusu tiba ya malaria anasimama mahali tofauti. Sentensi yake moja inaweza kubebwa na majaribio manane, na kila jaribio likawa na waandishi thelathini. Kwa jina na mwaka, mabano yangekula mistari mitatu na msomaji asahau alikuwa anaambiwa nini. Kwa namba anaandika [4–11] na sentensi inaendelea. Kinachotafutwa na msomaji wake ni matokeo: dozi ngapi, wagonjwa wangapi, walipona wangapi. Nani alitangulia kusema ni suala la baadaye. Wahandisi wanaofuata IEEE huweka namba katika mabano ya mraba kwa sababu zinazokaribiana na hizo, kwani mara nyingi wanachorejelea ni kanuni, kipimo au kifaa. Daktari hupoteza kitu hata hivyo. Hawezi kuona kwa jicho tu kwamba kati ya vyanzo vinane, saba ni vya miaka ya tisini.

Wanahistoria wengi wamekataa njia zote mbili na kubaki na tanbihi chini ya ukurasa. Barua ya afisa wa wilaya iliyo katika jalada la nyaraka za taifa huenda haina mwandishi anayejulikana, na haina mwaka wa kuchapishwa kwa kuwa haijawahi kuchapishwa. Inahitaji namba ya jalada, tarehe na maelezo mafupi, na mabano hayatoshi kubeba yote hayo.

Kuna jambo moja ambalo Kiswahili hulidhihirisha kuliko lugha nyingine nyingi. Kitenzi chetu kinadai upatanisho. “Leakey (1959) anaeleza” ni sawa. “Leakey na wenzake (1964) wanaeleza” ni sawa. Sasa badilisha mtindo kwa kubofya kitufe cha programu, upate “[1] anaeleza” au “[3] wanaeleza”. Nani anaeleza? Namba haina ngeli ya watu, na ukisema “[1] inaeleza” umeifanya namba kuwa mwandishi. Mhariri anayepokea makala iliyogeuzwa kutoka mtindo mmoja kwenda mwingine hugundua haraka kwa kutafuta vitenzi vinavyofuata mabano ya mraba. Sentensi hizo hazirekebishwi na programu. Lazima ziandikwe upya, ama kwa kurudisha jina, “Leakey [1] anaeleza”, ama kwa kulifanya jambo lenyewe kuwa kiima, “Fuvu hilo limeelezwa kuwa la jenasi mpya [1]”.

Kwa hiyo anayeandika kwa Kiswahili aamue mtindo kabla ya aya ya kwanza. Kama jarida limekwisha kuamua, lifuate bila ubishi. Kama uamuzi ni wako, jiulize msomaji wako anahitaji kujua nini akiwa bado katikati ya sentensi. Akihitaji kujua nani na lini, mpe jina na mwaka. Akihitaji kujua nini tu, mpe namba, kisha kabla hujatuma mswada rudi kwenye orodha na uhakiki kila namba, moja baada ya nyingine.