Bagi: mdudu wa programu na kazi ya kumsaka

Bagi ni jina ambalo watunga programu za kompyuta hulipa kosa lililomo ndani ya programu, kosa linaloifanya itoe jibu lisilo sahihi, isimame ghafla au izunguke bila kumaliza kazi. Neno limetoka katika Kiingereza, ambako maana yake ya kila siku ni mdudu. Katika Kiswahili cha vitabuni huitwa hitilafu au dosari, na kazi ya kuitafuta na kuiondoa, mafundi wenyewe huiita kudibagi.

Asili ya jina

Neno hili ni kongwe kuliko kompyuta. Thomas Edison, mvumbuzi wa Marekani, alilitumia katika barua zake za mwaka 1878 kwa maana ya kasoro ndogondogo zinazojitokeza baada ya wazo jipya kuonekana limefaulu, na ambazo humgharimu fundi miezi ya kuchunguza. Msemaji wa Kiswahili hatashangazwa na mwendo huo wa maana. Jipu la ncha ya kidole tunaliita mdudu wa kidole, na mchonganishi tunamwita kidudu mtu. Kidhuru kisichoonekana hupewa jina la mdudu, hata pasipo na mdudu.

Mara moja, hata hivyo, mdudu halisi alipatikana. Tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard, mafundi walikuwa wakiijaribu kompyuta iliyoitwa Mark II. Mashine hiyo ilifanya hesabu kwa rilei, yaani swichi zinazofunguka na kujifunga kwa nguvu ya sumaku ya umeme. Ndani ya rilei namba 70 walimkuta nondo. Walimtoa, wakambandika kwa utepe katika daftari la kazi penye saa kumi kasorobo alasiri, na kuandika kuwa hiyo ni mara ya kwanza bagi kupatikana kwa kweli. Daftari hilo, pamoja na nondo wake, limehifadhiwa katika Makumbusho ya Kitaifa ya Historia ya Marekani, mjini Washington.

Wengi husimulia kwamba jina lilizaliwa siku hiyo, na kwamba aliyemkuta nondo ni Grace Hopper, mwanahisabati wa jeshi la majini. Hopper alikuwa miongoni mwa watu wa mradi huo na ndiye aliyekisambaza kisa hiki, lakini si yeye aliyemkuta. Maandishi ya daftari nayo yanakanusha dai la kwanza: mtu hawezi kusema “kwa kweli” juu ya jina ambalo bado halijatumika. Mafundi walifurahi kwa sababu neno walilolizoea kama tamathali limejitokeza likiwa na mabawa.

Si kila mtaalamu alilipenda jina hili. Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta kutoka Uholanzi, alitaka liachwe na badala yake isemwe tu kosa, kwa kuwa mdudu anaonekana kama aliyejipenyeza mwenyewe wakati mtunga programu hatazami. Hoja yake ni nzito. Nondo wa Harvard aliingia kutoka nje, lakini bagi ya programu imeandikwa na mkono wa mtu aliyeamini kuwa anachoandika ni sahihi. Kwa hiyo anayedibagi anasaka imani isiyo ya kweli, na pengine ni yake mwenyewe.

Mfano: katikati ya orodha

Kisa kimoja kinaonyesha hili vizuri. Ukitafuta neno katika kamusi, unafungua katikati, unaangalia kama neno lako liko mbele au nyuma, kisha unaiacha nusu isiyohusika. Kompyuta hutafuta vivyo hivyo katika orodha iliyopangwa. Ili kuipata nafasi ya katikati, mstari huu ulitumika kwa miaka mingi:

```
int mid = (low + high) / 2;
```

Hapa `low` ni nafasi ya mwanzo ya sehemu inayotafutwa, `high` ni ya mwisho, na `mid` ni ya katikati. Mstari huu ulikuwemo katika maktaba ya lugha ya Java, na mantiki yake ilikuwemo pia katika kitabu cha Jon Bentley, ambamo njia hii ya kutafuta ilikuwa imethibitishwa kihisabati. Mwaka 2006 Joshua Bloch, aliyeuandika katika Java, alitangaza kuwa una kosa lililojificha kwa takriban miaka 9.

Kosa liko katika kujumlisha. Katika Java, namba ya aina ya `int` haiwezi kuzidi 2,147,483,647. Jumla ikipita hapo, inageuka kuwa hasi. Chukua orodha ya namba 1,400,000,000, na tuseme unachotafuta kiko katika robo ya mwisho. Hatua ya kwanza inakwenda salama, na ya pili pia. Katika hatua ya tatu `low` ni 1,050,000,000 na `high` ni 1,399,999,999. Jumla yake ilipaswa kuwa 2,449,999,999, lakini kompyuta inapata -1,844,967,297. Programu inasimama na kuandika:

```
java.lang.ArrayIndexOutOfBoundsException: -922483648
```

Kilichomo katika robo tatu za mwanzo kinapatikana bila tatizo. Ndiyo maana mtumiaji mmoja atalalamika na mwingine ataapa kuwa programu ni nzima, na wote wawili wanasema kweli. Aidha, orodha kama hiyo inahitaji gigabaiti 5.6 za kumbukumbu. Mstari huu ulipoandikwa katika miaka ya 1990, kompyuta ya kawaida ilikuwa na sehemu ndogo tu ya kiasi hicho.

Jinsi kosa linavyosakwa

Kazi huanza kwa kulirudisha kosa kwa makusudi. Kosa lisiloweza kurudishwa haliwezi kuthibitishwa kuwa limeondoka. Katika mfano wetu, ni lazima ijulikane ni orodha gani na ni kitu gani kilitafutwa, kwa sababu orodha ileile yenye swali jingine haitaonyesha chochote.

Kisha dalili inafuatwa kurudi nyuma. Ujumbe wa kosa unataja mahali programu ilipoanguka, yaani mstari unaosoma kitu kilicho katika nafasi `mid`. Mstari huo hauna hatia. Umepewa namba mbovu na mstari uliotangulia. Hapo swali sahihi si kwa nini programu imeanguka, bali nafasi imewezaje kuwa hasi. Fundi anachapisha `low` na `high` katika kila mzunguko na kuona kuwa zote mbili ni chanya na ziko ndani ya orodha. Kilichobaki ni hesabu baina yazo, na sasa orodha kubwa haihitajiki tena: namba mbili na mstari mmoja zinatosha kulionyesha kosa.

Hatari kubwa iko hapa. Fundi mwenye haraka anaweza kuongeza sharti kwamba `mid` ikiwa hasi iwe sifuri. Ujumbe wa kosa utatoweka. Lakini utafutaji utarudi mwanzo wa orodha, utapanda hatua zilezile hadi kwenye jumla inayopita kikomo, utarudishwa tena sifuri, na utazunguka hivyo bila kikomo. Kosa lililokuwa linapiga kelele limegeuzwa kuwa bubu. Tiba inayogusa chanzo ni kuepuka jumla yenyewe:

```
int mid = low + (high - low) / 2;
```

Tofauti ya `high` na `low` haizidi urefu wa orodha, hivyo kikomo hakivukwi. Jaribio la zile namba mbili huachwa ndani ya mradi ili liendeshwe kila programu inapobadilishwa. Kisha inabaki kutazama kwingine, maana imani ileile huandikwa mahali pengi. Bloch mwenyewe alionya kwamba kosa hili limo pia katika njia nyingine zinazogawa kazi nusu kwa nusu, ikiwemo ile ya kupanga orodha kwa kuunganisha vipande vilivyokwisha kupangwa.