Mtetezi, au anayeripoti?

Wasifu wa mwandishi wa habari wa Dodoma, ile mistari miwili chini ya jina lake, huharibiwa na neno moja: mtetezi. "Mtetezi wa wanyonge" husikika kama sifa, lakini "wanyonge" lilivuma majukwaani enzi za Rais John Magufuli, na msomaji atamhesabia mwandishi upande kabla hajasoma habari yenyewe. Linalofaa ni "huripoti", likifuatwa na mambo yanayoweza kuhakikiwa: "Huripoti Bunge, bajeti ya Serikali na kilimo cha zabibu na alizeti kutoka Dodoma tangu 2017. Ana shahada ya uandishi wa habari." Hata "mahiri" liondoke, umahiri huamuliwa na msomaji. Wahariri, futeni "mtetezi", andikeni mwaka alioanza kazi.