Kununua na kuuza

Kwenye ubao wa duka la kubadilishia fedha, maneno haya ni ya mwenye duka, si ya mteja. Tuseme dola imeandikwa kununua shilingi 2,500, kuuza 2,600. Ukipeleka dola 100 utapata 250,000, kwa kuwa duka ndilo linalonunua. Ukizirudisha shilingi hizo papo hapo, utapewa dola 96 na senti 15. Zilizobaki zimeliwa na pengo la bei, hata kama ubao unasema hakuna ada. Ukibadilisha mara moja tu, pima kwa bei ya kati, 2,550: umepoteza shilingi 50 kwa kila dola, karibu asilimia 2. Noti ndogondogo au kuukuu mara nyingi hununuliwa kwa bei ya chini zaidi, ulizia kwanza.